Nimechoka! Nikishika kitufe cha kiboodi, tachipadi inakufa. Nani alipanga huu upuuzi?

KitandaChaJuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Siku ya nne leo nahangaika na kitu ambacho kilipaswa kuchukua dakika tano.

Nacheza gemu la vita, lile la kutazama uwanja kutoka juu: unajenga kambi, unafundisha askari, unawatuma. Kila kitu kinaenda kwa kubofya. Kushoto unachagua, kulia unaamuru, na ukitaka kuchagua kikosi kizima unashika kushoto unaburuta mraba juu ya askari wako. Kwa tachipadi pekee, huo mraba ni mateso. Ukigusa mara mbili na kuburuta, kidole kikifika ukingoni ukakiinua, mraba umekatika nusu ya kikosi. Ukibonyeza ile kona ya tachipadi, inalia "tak" na wenzangu watatu chumbani wanaamka.

Nikasema basi, kidole kimoja kisogeze mshale, mkono wa kushoto ubofye kwa kiboodi. F iwe bofyo la kushoto, D iwe la kulia. Nikafungua ukurasa wa vitufe ndani ya gemu. Unaweza kubadilisha kitufe cha kujenga ghala, cha kuficha ramani, mpaka cha kupiga picha. Bofyo la kushoto na la kulia tu ndiyo hayaguswi. Kwa nini? Nani kawaambia kila mchezaji ana mausi?

Nikaingia AutoHotkey, ile programu ya kupangia vitufe kazi nyingine, nikaandika hivi:

```
f::Click
```

Nikishika F, hakuna mraba. Badala yake anachaguliwa kila mpiga mishale aliyepo kwenye skrini, hata wale niliowaweka kulinda lango. Na mshale wenyewe hausogei! Nimeshika F, nasugua tachipadi kama nafua shati, mshale umeganda palepale. Nikiachia F, baada ya muda kidogo unaanza kutembea.

Na kabla hamjaniambia ninunue mausi: nalala kitanda cha juu hosteli, meza hakuna, laptopu iko mapajani. Mausi nitaliweka wapi, kwenye blanketi? Nataka kujua kwa nini tachipadi inazimwa bila kuniambia.

---

Dogo_Mbezi

Mausi ya elfu kumi Kariakoo zimejaa, mkuu. Weka juu ya daftari gumu. Unajitesa bure.

---

KitandaChaJuu

Nimeandika kabla hujaandika. Soma tena.

---

Babu_Swichi

Kuna kitu kinaitwa ClickLock, ndani ya mipangilio ya zamani ya mausi kwenye Windows. Ukibonyeza ukashikilia kidogo, bofyo linabaki limeshikwa hata ukiachia, unaburuta kwa raha, ukibofya tena linaachia. Hapo hauhitaji skripti yoyote.

---

KitandaChaJuu

Nimejaribu sasa hivi, mzee wangu, na asante kwa kujali. Linafanya kazi kwenye mafaili. Kwenye vita linaniua: lazima nisubiri lijifunge kwanza, na wakati nasubiri, wapanda farasi wa adui wameshafika kwa wakulima. Isitoshe bado lazima nibonyeze ile kona inayolia.

---

FundiWaya

Mkuu, una matatizo mawili na umeyachanganya ndiyo maana yanakuzidi. Tuyatenganishe.

La kwanza ni skripti. `Click` maana yake bonyeza na uachie papo hapo. Kiboodi nacho kikishikwa kinarudia: ukishika F kwenye Notepad unaona ffffff. Kwa hiyo kila marudio ni bofyo jipya kamili. Gemu likipata mabofyo mawili ya haraka juu ya mpiga mishale mmoja linaelewa unataka wote wa aina yake walio kwenye skrini. Gemu limetii ulichokituma. Unachotaka wewe ni kitufe kikishuka bofyo lishuke mara moja, kikipanda nalo lipande. AutoHotkey inayo hiyo tayari, usiandike `Click` kabisa:

```
#Requires AutoHotkey v2.0
#HotIf WinActive("ahk_exe gemu.exe")
f::LButton
d::RButton
#HotIf
```

Pale kwenye `gemu.exe` weka jina la faili la gemu lako, utaliona kwenye Task Manager. Ukiandika kwa mtindo huu yale marudio ya kiboodi hayapiti, maana inakagua kwanza kama bofyo tayari limeshuka. Na Shift inaendelea kufanya kazi, yaani Shift na D ni sawa na Shift na bofyo la kulia.

La pili ni mshale kuganda. Hilo halihusiani na gemu wala skripti. Futa skripti, fungua Notepad, shika F huku unasugua tachipadi. Kama mshale umeganda hapo pia, ni ile kinga ya kiganja: kompyuta inadhani unaandika barua na kiganja kimeangukia tachipadi, kwa hiyo inapuuza mguso. Kwa Windows 11 nenda Settings, kisha Bluetooth & devices, kisha Touchpad, fungua Taps, na hapo kwenye Touchpad sensitivity chagua Most sensitive. Jaribu urudi.

---

KitandaChaJuu

Narudi. Notepad, F imeshikwa, mshale ulikuwa umeganda kama ulivyosema. Nikabadilisha, MSHALE UNATEMBEA. Siku nne!

Sasa hasira zangu zimepata anwani. Kwa nini kitu kinachozima tachipadi wakati wa kuandika kimeitwa "sensitivity"? Mimi nilikiona siku ya kwanza kabisa. Nikadhani ni kasi ya mguso, nikapita. Wangeandika waziwazi kwamba mguso utapuuzwa ukiwa unabonyeza herufi, ningekuwa nimeshamaliza kampeni nzima.

---

BintiChumbageni

Samahani kuingilia. Mimi nacheza Minecraft ya Java kwa tachipadi, na kule mabofyo yanabadilishika, sijui kwa nini nyie mnaandika skripti. Kuchimba nimeweka R, kuweka tofali nimeweka G. Shida yangu nyingine: nikifungua sanduku, R haishiki kitu. Natembea na kuchimba vizuri, ila ndani ya sanduku lazima nirudi kwenye tachipadi. Kuna anayejua?

---

FundiWaya

Dada, hilo ni swali tofauti, lakini jibu lake linaeleza kwa nini sisi tunaandika skripti. Ukurasa wa vitufe wa gemu lako umebadilisha vitendo viwili, kuchimba na kutumia. Haujabadilisha bofyo lenyewe. Ndani ya sanduku hakuna kuchimba, dirisha lile linasubiri bofyo la kweli la mausi. AutoHotkey inakamata R kabla gemu halijaiona na kulikabidhi bofyo, kwa hiyo gemu linalipokea kama bofyo la mausi, iwe porini au ndani ya sanduku.

Rudisha mipangilio ya gemu ilivyokuwa, kisha:

```
#HotIf WinActive("ahk_exe javaw.exe")
r::LButton
g::RButton
#HotIf
```

Hapo utaweza hata kushika G ukapitisha mshale juu ya vyumba vya sanduku, kila chumba kikapata kipande kimoja. Ukishika R ukapitisha, fungu linagawanywa sawasawa.

---

BintiChumbageni

Imekubali! Ila sasa nikiandika ujumbe kwa wenzangu ndani ya gemu, herufi r na g hazitoki. "Karibu" imetoka "kaibu".

---

FundiWaya

Ndiyo, herufi umezitoa kafara. Ongeza swichi, ukibonyeza F8 skripti inalala, ukibonyeza tena inaamka:

```
#SuspendExempt
F8::Suspend
#SuspendExempt False
```

---

Mwana_Penguini

Kwa wa Linux: ugonjwa ni uleule, dawa tofauti. Kwenye GNOME:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad disable-while-typing false
```

Angalau kule jina linasema ukweli, "disable while typing". Na kwangu nimegundua kinga haiamki ukishika Shift, Ctrl, Alt wala vile vya F1 kwenda mbele, kwa sababu mtu haandiki barua kwa hivyo. Ukiweka bofyo kwenye kitufe cha namna hiyo, hauhitaji hata kuzima kinga.

---

Dogo_Mbezi

Kumbe kuna watu wengi hivi. Jamaa yangu anacheza osu! kwa tachipadi, anapiga Z na X tu, na gemu lenyewe limekuja hivyo tangu mwanzo. Nilidhani ni maajabu yake.

---

Babu_Swichi

Nami nimejaribu skripti ya Fundi, kwenye gemu langu la zamani haifanyi kitu. Nje ya gemu F inabofya nikiondoa mstari wa HotIf, nikiingia gemu, kimya. Gemu limeizuia.

---

FundiWaya

Huenda halijazuia, mzee. Kama gemu unalifungua kwa Run as administrator, skripti ya kawaida hairuhusiwi kuligusa. Fungua na skripti hivyohivyo. Ikishindikana hata hapo, ndipo tuseme limezuia, na kama ni la mtandaoni lenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu, usilazimishe. Baadhi huifungia akaunti yako kwa kuona skripti tu, hata kama imebadilisha kitufe kimoja.

---

KitandaChaJuu

Nimecheza saa nzima, nawaletea taarifa.

Mraba sasa ni mzuri kuliko hata wa mausi. Naweka mshale kona ya juu ya kikosi, nashika F, nateremsha kidole. Tachipadi yangu ni ndogo, kidole kinafika ukingoni. Nakiinua, nakirudisha juu, naendelea kuteremsha, na mraba uko palepale unakua, kwa sababu aliyeushika ni F, kidole hakihusiki. Hilo kwa kugusa mara mbili kwangu halikuwezekana kabisa. Na hakuna "tak". Wenzangu wamelala.

Ila bado nina malalamiko mawili. Kwanza, nikifungua kazi ya chuo kuandika, kiganja kikigusa tachipadi mshale unarukia aya nyingine na maneno yanaingia katikati ya sentensi. Kwa hiyo kila nikimaliza kucheza inabidi nirudi Settings kushusha ile sensitivity. Kwa nini haiwezi kufungwa kwa gemu moja tu, kama skripti inavyofungwa?

La pili ni jipya. Nikishika Shift na F pamoja kuongeza kikosi juu ya kingine, halafu nibonyeze Space kurukia penye vita, Space haifiki. Nikiachia F inafika.

---

Mwana_Penguini

Jaribu Notepad: shika Shift na F, bonyeza Space. Kama nafasi haitokei kati ya herufi, ni waya za kiboodi chenyewe. Viboodi vingi vya laptopu vinashindwa kusoma baadhi ya vitufe vitatu kwa pamoja, na hakuna mpangilio wa kutibu hilo. Hamisha bofyo kwenye herufi nyingine, jaribu moja moja mpaka upate inayopatana na Space.

---

KitandaChaJuu

Nafasi haitokei. Nimejaribu na G, haitokei. Nimejaribu na C, inatokea. Lakini C ndiyo ya kujenga kambi, na vidole vyangu vimeshazoea F. Mwenye laptopu ambayo Shift, F na Space vinasomeka pamoja aniandikie hapa ni ya mwaka gani. Na mwenye njia ya kubadilisha ile sensitivity kwa kitufe kimoja, tafadhali, naomba.