Jenereta ya dizeli, paneli bila betri, au paneli na betri: hewa ukaa kwa uniti moja ni kiasi gani hasa?

Mama_Hosteli
Wakuu, habari zenu. Nasimamia hosteli isiyofikiwa na umeme wa gridi. Tuna jenereta ya dizeli ya kVA 20, na mfadhili anataka kujua hewa ukaa itapungua kiasi gani kabla hajatoa hela ya sola. Kwa siku ya kawaida daftari letu linaonyesha hivi: mchana, kwa muda wa saa 8, tunatumia uniti 64 na dizeli lita 24. Usiku, kwa muda wa saa 10, ni uniti 20 tu za mafriji na taa, na dizeli lita 15. Uniti nazisoma kwenye mita iliyofungwa baada ya jenereta.

Nimeletewa mapendekezo mawili. La kwanza ni paneli bila betri, zifanye kazi mchana sambamba na jenereta na kubeba kama nusu ya mzigo. La pili ni paneli na betri za kubeba usiku wote, jenereta izimwe. Nikitazama hewa ukaa peke yake, lipi ni bora?

Wati_Moja
Hesabu ni fupi, dada. Dizeli ni kilo 0.27 kwa uniti, sola ni sifuri. Uniti zako 84 mara 0.27 ni kama kilo 23 kwa siku. Pendekezo la kwanza linatoa uniti 32, la pili 20, kwa hiyo la kwanza linashinda.

Fundi_Mzigo
Wati_Moja, hiyo 0.27 ni namba ya kweli, ila si ya umeme. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kama kilo 2.68 za hewa ukaa na joto la karibu uniti 10, ndiyo maana ukigawanya unapata 0.27. Hicho ni kiwango cha uniti ya joto. Jenereta haigeuzi joto lote kuwa umeme. Sehemu kubwa inaishia kwenye ekzosi na rejeta. Hapa pana daftari, basi tuanze na lita zilizoingia na uniti zilizotoka.

Mchana: lita 24 mara 2.68 ni kilo 64, gawanya kwa uniti 64, unapata kilo 1 kwa uniti. Usiku: lita 15 ni kilo 40, gawanya kwa uniti 20, unapata kilo 2 kwa uniti. Mashine ni ileile na dizeli ni ileile, lakini uniti ya usiku ni chafu mara mbili. Jumla ya siku ni karibu kilo 105, si 23.

Kichwa_Ngumu
Samahani, lita ya dizeli haifiki hata kilo moja. Itatoaje kilo 2.68 za kitu chochote? Halafu jenereta yangu imefanyiwa sevisi, haitoi moshi kabisa. Hiyo si safi?

Fundi_Mzigo
Uzito unaoongezeka ni oksijeni ya hewani. Lita ina gramu kama 840, na takriban 720 kati ya hizo ni kaboni. Kila gramu 12 za kaboni zinapoungua hushika gramu 32 za oksijeni. Moshi mweusi ni masizi, ni tatizo jingine. Hewa ukaa haina rangi wala harufu, na dizeli ikiungua vizuri ndipo kaboni yake karibu yote hugeuka kuwa hewa ukaa. Sevisi inasaidia pale tu inapopunguza lita kwa kila uniti.

Mama_Hosteli
Kwa nini usiku uwe mara mbili? Mzigo si mdogo?

Fundi_Mzigo
Ni kwa sababu mzigo ni mdogo. Mchana unabeba kilowati 8 na kula lita 3 kwa saa. Usiku unabeba kilowati 2 na kula lita 1.5. Kilowati 6 zimepungua, dizeli imepungua lita 1.5, yaani robo lita kwa uniti. Sasa rudi nyuma: kilowati 2 zinahitaji nusu lita, na lita 1 iliyobaki kila saa inakwenda kuzungusha injini tu, hata ukizima taa zote. Hiyo lita ndiyo kiini cha ulinganisho wako.

Pendekezo la kwanza: paneli zikibeba kilowati 4 mchana, jenereta bado inazunguka, kwa hiyo unaokoa ile robo lita tu kwa uniti. Uniti 32 zinaokoa lita 8, kama kilo 21. Ni kilo 0.67 kwa uniti, si kilo 1 uliyoiona kwenye wastani.

Pendekezo la pili: betri zikibeba usiku wote, injini inazimwa na lita zote 15 zinabaki tankini. Uniti 20 zinaokoa kilo 40. Uniti chache, kilo karibu mara mbili.

Kuna jingine. Kilowati 4 kwa mashine ya kVA 20, ambayo ni kama kilowati 16, ni robo ya uwezo wake. Watengenezaji wengi hawapendi ishuke chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu: silinda hazipati joto la kutosha, na utaona majimaji meusi ya mafuta yakichuruzika kwenye maungio ya ekzosi. Kayakague hata sasa, maana usiku mashine yako iko chini zaidi ya hapo.

Karakana_Chuma
Mimi ni wa kuchomelea. Nina paneli, ila wikendi karakana imefungwa na umeme hauna pa kwenda. Nikiambiwa sola yangu ni gramu 40 kwa uniti, nizihesabu na hizo zilizopotea?

Nuru_Hesabu
Hapana. Gramu 40 hivi, kama ile 41 ya paneli za paani kwenye ripoti ya IPCC ya 2014, zinatokana na kutengeneza mtambo na kugawanya kwa uniti zote utakazozalisha maisha yake yote. Ukitumia nusu tu, kila uniti iliyotumika inabeba gramu 80. Wati_Moja, ndiyo maana sola si sifuri.

Mama_Hosteli, usiku wako nauhesabu hivi. Ili upate uniti 20 paneli zitoe kama 23, kwa sababu betri na inveta hula kidogo. Hizo ni karibu kilo 0.9. Betri ya lithiamu ya uniti 25, nikichukua kilo 100 za hewa ukaa kwa kila uniti ya uwezo, ni kilo 2,500. Ikifanya kazi kila usiku kwa miaka 10, inaongeza kama kilo 0.7 kwa usiku. Jumla kilo 1.6 dhidi ya 40.

Na ukiweka utengenezaji upande wa sola, weka na upande wa dizeli: kuchimba, kusafisha na kusafirisha huongeza kama kilo 0.6 kwa lita.

Wati_Moja
Nimeelewa tofauti ya joto na umeme. Lakini msimu wa mawingu je? Betri zisipojaa, jenereta itawashwa usiku uleule.

Fundi_Mzigo
Hoja ya kweli. Usiku kama huo usiiache ibebe kilowati 2 hadi asubuhi. Iwashe saa chache kwa mzigo mkubwa, ijaze betri, kisha izimwe. Ni usiku mangapi kwa mwaka, hilo litategemea jua la hapo na ukubwa wa paneli, na bila takwimu za jua siwezi kukupa namba.

Nuru_Hesabu
Mimi nisingempa mfadhili ile 0.6 ndani ya jumla. Ningeiandika mstari wake.

Fundi_Mzigo
Mimi ningeijumlisha, kwani sola nayo imejumlishiwa. Mama_Hosteli, kabla hujatuma, hakiki lita zako: jaza tanki hadi alama, subiri povu la dizeli litulie, ongeza hadi alama ileile, soma mita. Baada ya usiku mzima jaza tena vivyo hivyo. Kipimo cha tanki cha sindano hakitoshi kwa hesabu hii.

Mama_Hosteli
Lita za daftari ni za kipimo cha sindano. Nitapima upya usiku na mchana kila kimoja peke yake, niwaletee.