Mrejesho: pete ya metathesisi, ethilini ikiondoka

Swali langu lilikuwa: "CH2=CHCH2C(CO2Et)2CH2CH=CH2 ikifungwa kwa kichocheo cha Grubbs, mbona napata pete ya kaboni 7 wakati kitabu kinasema 5?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kukata kila bondi maradufu katikati. Nilipanga mezani zabibu 7 za hapa kwetu Dodoma, nikaondoa mbili za kwenye ncha: hizo ndizo CH2 zinazoungana kuwa ethilini. Zikabaki 5, na bondi maradufu mpya ikakaa kati ya zile CH mbili. Mimi nilikuwa naunganisha ncha kwa ncha. Aliyeniambia nihakiki kwa fomula ndiye kanisaidia zaidi: C13H20O4 ukitoa C2H4 inabaki C11H16O4, yaani uzito wa molekuli unashuka kutoka 240 hadi 212.

Jaribio la wiki iliyopita halikwenda vizuri lote. Swali moja lilikuwa na CH3CH= kwenye ncha moja badala ya CH2=. Pete niliipata, ila kwa mazoea nikaandika ethilini. Hapo kinachotoka ni propeni, CH3CH=CH2, kwa sababu vipande viwili vya nje ndivyo vinavyoungana. Sasa naandika vipande hivyo kwanza, ndipo nachora pete.