Tupeane uzoefu: kukagua hesabu za kundi, faida iliyojificha kwenye stoki

Mzee_wa_Mizania: Wakuu, madeni kati ya kampuni mama na tanzu yakipishana, yanaonekana yenyewe. Kinachopita kimya ni faida iliyokaa ghalani. Kundi moja nililokagua, mama alitengeneza bidhaa kwa milioni 80 akaiuzia tanzu kwa milioni 100. Mhasibu akafuta mauzo 100 na gharama ya mauzo 100, Excel ikabalansi, akafunga kazi. Kumbe asilimia 40 ya mzigo haijauzwa! Kwenye vitabu inasomeka 40, wakati kundi limeigharamia 32. Ile 8 inatakiwa itolewe kwenye stoki na kuongezwa kwenye gharama ya mauzo. Nyie mnaikamataje?

Kalkuleta: Rahisi. Faida 20 juu ya gharama 80 ni asilimia 25. Stoki 40 mara 25%, unatoa milioni 10.

Dada Oditi: Njia sawa, asilimia siyo. Hiyo 40 ni bei ya kuuziana, kwa hiyo chukua 20 juu ya 100, utapata 8. Ila mie wastani siuamini. Naomba orodha ya stoki ya tanzu siku ya kufunga mwaka, ikionyesha mzigo umetoka kwa nani, halafu bidhaa kubwa nazifuata hadi ankara na gharama halisi za mama. Mifumo mingi haitenganishi mzigo wa mama na wa nje, kwa hiyo mwambie mkaguzi wa tanzu mapema, kwenye maelekezo yako ya ISA 600.

Kingine: jenali za kundi haziingii kwenye vitabu vya kampuni yoyote, zinaishi kwenye Excel tu. Mwaka unaofuata mtu anaanza na karatasi tupu, ile 8 inapotea. Ndiyo maana naanza kwa kulinganisha limbikizo la faida la mwanzo wa mwaka na lile lililosainiwa mwaka jana. Ukikuta mstari umeandikwa "tofauti ya ujumuishaji", usiuruke.

Bongo_Leja: Samahani natoka nje kidogo. Mama yuko Nairobi, anatudai dola, sisi Dar tuna shilingi. Deni tumelifuta kwenye hesabu za kundi, hasara ya kubadilisha fedha imebaki. Bosi anataka nayo ifutwe.

Dada Oditi: Inabaki, IAS 21 iko wazi. Kama ni mkopo ambao hakuna mpango wa kuulipa karibuni, kwenye hesabu za kundi inahamia mapato mengine jumuifu. Lakini bosi alete ushahidi, maana wengi huukumbuka "mpango" huo shilingi ikishaanguka.

Mzee_wa_Mizania: Ahsante dada. Sasa ile 8: tanzu ina wanahisa wachache wenye asilimia 30. Muuzaji ni mama, mimi namkata mama yote.

Kalkuleta: Kwetu tuligawa 70 kwa 30, stoki si iko kwa tanzu? Na mkaguzi alisaini.

Dada Oditi: Alisaini akiwa ameandika sababu gani kwenye faili?