Tupeane uzoefu: mwaka umeisha, hesabu ya biashara yako imesemaje?

Kaango Moto

Heri ya mwaka mpya wakuu. Nina kibanda cha chipsi jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, huu mwaka wa nne. Kila Januari huwa naandika malengo ya kutisha: kijiwe cha pili, friji la soda, guta la kubebea viazi. Ikifika Pasaka hata karatasi yenyewe sijui iko wapi. Safari hii naandika kilichonisaidia 2024, halafu malengo mawili tu. Na ninyi wekeni ya kwenu.

Kilichonisaidia ni kopo tupu la rangi na vizibo vya soda. Msicheke. Mwezi wa tano nilikuwa nauza mpaka saa sita usiku, foleni ipo, lakini asubuhi nikienda kuchukua viazi sina hela, nabeba kwa mali kauli. Nikajua kijana wangu ananipiga. Kabla sijamfukuza nikasema ngoja nihesabu. Kila sahani ikitoka, kizibo kimoja kinaingia kwenye kopo. Gunia likiisha tunamwaga vizibo mezani tunahesabu.

Gunia la kwanza 86. La pili 90. La tatu 88. Sahani ya chipsi kavu kwangu ni 2,000, kwa hiyo sahani 88 ni 176,000. Sasa matumizi ya gunia hilohilo, ambalo kwangu linakwenda siku mbili: viazi 90,000 kwa mali kauli, mafuta kama lita saba 32,000, mkaa 15,000, nyanya, vitunguu, sosi na vifungashio 13,000, kijana 20,000, pango na usafi 5,000. Jumla 175,000. Yaani siku mbili nimesimama kwenye moto, chipsi zimeniachia shilingi elfu moja. Kilichokuwa kinanilisha ni mayai na soda, na mimi najiita muuza chipsi.

Na kijana hakuwa anaiba hata mia. Hela zilikuwa zinalingana na vizibo. Tatizo lilikuwa mkono wake. Alikuwa anachota chipsi kwa mkono na kijiko cha matundu, akimpenda mteja anaongeza. Nikanunua bakuli la plastiki, likijaa sawasawa na ukingo ndiyo sahani moja, basi. Tatizo la pili lilikuwa kisu. Siku moja niliokota ganda chini nikaliangalia kwenye taa: lina kiazi nusu kidole. Alikuwa anamenya kama anachonga mpini wa jembe. Tukabadilisha kisu, na nikaacha kupokea gunia lenye viazi vidogo vingi, maana kiazi kidogo ni ganda tupu.

Tangu mwezi wa nane gunia kwa kawaida linatoa sahani 108 mpaka 112. Kwa 110 inabaki 45,000. Kijana yuleyule, moto uleule.

Malengo yangu 2025: la kwanza, kopo lisishuke chini ya 108. La pili, mpaka mwisho wa Machi niwe na hela ya gunia moja mbele, ninunue taslimu kwa 85,000 niachane na mali kauli. Ile elfu tano ya kila gunia, kwa magunia matatu ya wiki, ni 15,000 ninayompa mtu kwa sababu tu sina hela asubuhi. Naweka 3,000 kila siku kwenye laini ambayo haina jina la kibanda. Kijiwe cha pili sikiandiki.

Mtafutaji wa Kahama

Wakuu mimi nina laki tano nipo Kahama, hiyo chipsi inalipa au nifungue mpesa?

Kaango Moto

Mkuu hapa tunasimulia mwaka uliopita. Ila kama nafasi bado hujapata, laki tano itaishia kwenye kodi ya miezi sita kabla hujanunua kaango.

Msomi wa Mtaa

Kaango Moto umefanya vizuri ila unafikiri kidogo mno. Faida ipo kwenye kununua. Viazi vikishuka bei nunua magunia sita, tafuta friji kubwa au chumba chenye baridi, weka. Vikipanda wewe unakaanga vya bei ya zamani. Pia pandisha sahani 2,500, hakuna atakayekufa.

Mzee wa Makambako

Mimi nimefanya viazi miaka mingi, kubeba kutoka mashamba ya Njombe kupeleka Dar. Huyo Msomi wa Mtaa ana nusu ya maneno. Kununua vikishuka ni sawa. Friji ndiyo litakuua, mwanangu. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali kwa muda, wanga wake unageuka sukari. Ukikitia kwenye mafuta kinakuwa cha kahawia, karibu cheusi, kabla ndani hakijaiva. Mteja atasema mafuta yako machafu, na wewe utamwaga mafuta mazima bure. Nimeona mtu anabadilisha mafuta mara mbili kwa siku moja, kumbe viazi ndivyo vilivyoharibika.

Kuvitunza ni giza na hewa. Visiguse sakafu, weka mbao chini, usivifunike nailoni, na usiweke karibu na vitunguu. Vikipata mwanga vinageuka kijani, na hicho cha kijani usimpe mtu ale, kina uchungu na ni sumu. Kwa joto la Morogoro mimi nisingeweka zaidi ya magunia mawili. Sita yataota.

Na wewe Kaango Moto, hesabu yako ya vizibo nzuri, ila siku ukipata 95 usimrukie kijana. Viazi vilivyong'olewa kabla ya kukomaa vina maji mengi. Vinanywea kwenye kaango, vinakunywa mafuta, na chipsi zinalala kama tambi. Ngozi ikivulika ukiisugua kwa kidole gumba, hivyo ni vichanga. Ukitaka uhakika, chukua kikombe kimoja cha chumvi, maji vikombe 11, koroga, tia viazi vichache. Vinavyozama vina unga wa kutosha, vya chipsi. Vinavyoelea peleka nyumbani vikapikwe mchuzi.

Kaango Moto

Shikamoo mzee. Hilo la ngozi nilikuwa nalijua kwa jicho tu. Novemba nilipata gunia la 94, nikamnunia kijana siku nzima. Nitamwomba radhi.

Mie wa Kongowea

Salaam kutoka Mombasa. Mie nauza mitumba Kongowea, magauni na blauzi za kike. Wewe umeponzwa na mkono wa kijana, mie nimeponzwa na macho yangu mwenyewe.

Nikifungua belo, zile nguo kali za juu, kamera, zaisha siku mbili tatu. Pesa yarudi upesi, nikaona belo limeshajilipa, nakwenda nalichukua jingine. Kilichobaki nakirundika chumbani nikikiita mali. Mwezi wa kumi nyumba ikavuja, nikalazimika kutoa kila kitu nje. Ndipo nikaona nimelala na marobota manne ya fagia! Nguo zisizo vifungo, zipu mbovu, makoti mazito ambayo hapa pwani hayavaliki. Pesa yangu ya miezi yote ile ilikuwa pale, yanuka unyevu.

Kwa hiyo siku hizi belo moja lina siku kumi na nne. Siku ya kwanza naanza na bei yangu. Baada ya wiki nashusha. Siku ya kumi na nne kilichobaki chamwagwa chini, chagua kwa hamsini, jioni kwa ishirini. Makoti nimempa mwenzangu anayepeleka bara, akiuza twagawana. Belo jipya halifunguliwi la zamani likiwa chumbani. Lengo langu la mwaka huu ni hilo tu, chumba kile alale mwanangu.

Fundi wa Sare

Mimi ni fundi cherehani Tabora, na Januari ndiyo mavuno yangu maana shule zinafungua. Nitasema ukweli ingawa nina aibu. Januari ya 2024 nilipokea malipo ya awali ya sare za watoto 31. Nikalipia ada ya wanangu kwa hela hiyo. Nikategemea wazazi watakaokuja nyuma ndiyo wanunue vitambaa vya waliotangulia. Wazazi wa nyuma hawakuja kwa wingi niliofikiri. Shule zimefunguliwa, wazazi wako mlangoni, mimi nimefunga ndani najifanya nimesafiri. Ilibidi niuze overloku.

Mwaka huu mzazi akiweka hela, siku hiyohiyo kitambaa kinanunuliwa, kinakatwa mpaka vipande vinaandikwa jina la mtoto kwa chaki. Hela ikishakuwa kitambaa chenye jina la mtu huwezi kuilipia ada. Mpaka leo nina watoto 19, hakuna anayenidai. Overloku bado sina, napeleka kwa jirani kwa 500 kila nguo. Nikiipata kabla ya Juni nitashukuru, nisipoipata nitaendelea na jirani.

Boda wa Kihonda

Sasa nimeelewa! Mimi ni mteja, tena nadhani nakufahamu. Mwezi wa sita mlianza na hilo bakuli lenu tukahama, wanne kwa mpigo. Mmepunguza chipsi bei mkaacha ileile, huo si ubunifu, ni kupandisha bei kimyakimya. Afadhali huyo Msomi, angesema wazi 2,500.

Kaango Moto

Hahaha, kama ni wewe mwenye helmeti nyekundu, una deni la zege mbili tangu uliporudi Agosti.

Ila una haki kaka. Kuna wateja niliwapoteza na sina hakika kama wote wamerudi. Nilipokuwa natoa sahani 88 nilikuwa nawapa chipsi za 2,500 kwa 2,000 bila kujua, nanyi mkazoea. Ningesema wazi kwamba bei inapanda, mngehama pia? Sijui. Jirani yangu alikuwa anauza 2,000 kwa sahani iliyofura, na mwezi wa kumi na moja alifunga. Sasa sijui alifunga kwa ajili ya sahani au kwa mambo yake ya nyumbani.

Mzee wa Makambako

Huyo usimseme, magunia yangu matatu anayo.

Mie wa Kongowea

Na mikopo, Kaango Moto? Zege mbili tangu Agosti, wewe wamwekea kizibo gani?

Kaango Moto

Dada umenishika. Sahani ya mkopo inaingia kizibo kama kawaida, kwa hiyo kopo linasema 110 na mfukoni ziko 104. Nimeambiwa nitumie vizibo vya rangi nyingine kwa mkopo. Kijana anasema tukianza hivyo wateja wataona aibu kizibo cheusi kikidondoka mbele ya watu. Bado tunabishana.

Leo nimejaribu gunia jipya, ngozi ngumu, viazi vikubwa. Saa mbili hii usiku kopo lina 57 na gunia halijafika nusu.