Zege la futingi na nguzo 9: nipime kwa ndoo au kwa toroli?

Mjenzi_Kibaha
Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie maana wikiendi hii namwaga futingi. Nina nguzo 9 za nyumba isiyo na ghorofa, kila moja futingi yake ni mita 1.2 kwa 1.2 unene sentimita 30, halafu nguzo yenyewe ni 23 kwa 23 na kutoka juu ya futingi mpaka chini ya bimu ni mita 3.6. Fundi kasema ratio ni 1:2:4 na atapima kwa toroli, yaani mfuko mmoja wa simenti toroli mbili za mchanga na toroli nne za kokoto. Shemeji yangu anasema toroli inadanganya nitumie ndoo za lita 20. Sasa nifate lipi, na ninunue mifuko mingapi? Fundi anasema 25 inatosha futingi na nguzo zote.

Kokoto_Nusu
Hesabu yake nyepesi tu mkuu. Futingi 1.2 × 1.2 × 0.3 = 0.432, nguzo 0.23 × 0.23 × 3.6 = 0.19, jumla kyubiki 0.622 kwa kila moja. Ratio 1+2+4 ni 7, gawa 0.622 kwa 7 unapata 0.089 ya simenti, kyubiki moja ya simenti ni kilo 1440 kwahiyo hapo ni kilo 128, mifuko miwili na nusu. Mara 9 ni mifuko 23. Fundi yuko sawa, 25 inatosha na mingine inabaki.

MamaSaiti
Kokoto_Nusu ujazo umeupata vizuri kabisa ila kuna hatua umeiruka na ndo inayomwishia mtu simenti saa tisa mchana futingi ikiwa nusu. Ile 0.622 ni zege lililokwisha kukaa kwenye shimo. Ukichukua kokoto zikiwa kavu kwenye ndoo katikati yake kuna nafasi tupu, ukichanganya mchanga unaingia kwenye zile nafasi, simenti nayo inaingia kwenye nafasi za mchanga, kwahiyo ndoo 7 za vifaa hazitoi ndoo 7 za zege, zinatoa kama nne na nusu. Ndo maana tunazidisha ujazo wa zege kwa 1.54 kwanza halafu ndo tunagawa kwa 7. Fanya hivyo utaona kila nguzo na futingi yake inakula karibu mifuko 4, yaani zote 9 ni mifuko 36, bado hujaweka ya kumwagika. Mimi ningenunua 39 au 40.

Sasa la toroli, na hapa mdogo wangu naomba usome taratibu. Mfuko wa kilo 50 ujazo wake ni lita 35 hivi. Kwahiyo "1" kwenye 1:2:4 ni lita 35, mchanga ni lita 70, kokoto lita 140. Toroli ya kawaida ya saiti ikisawazishwa juu na ubao inabeba lita 65 hivi, ikirundikwa inapita 80. Fundi akiweka mfuko mmoja, toroli mbili na toroli nne, anakupa lita 35 za simenti kwa 130 za mchanga na 260 za kokoto, hapo hata hajarundika. Hiyo ni 1 kwa 3.7 kwa 7.4. Ni zege la bleindi hilo, usiliweke chini ya nguzo! Ndo maana na yeye hesabu yake inaishia mifuko 25, kwa mchanganyiko huo hata 25 hazifiki.

Kwa toroli sahihi ni mfuko mmoja, toroli MOJA ya mchanga na MBILI za kokoto, zimesawazishwa.

FunditChuma_Mbagala
Nguzo 23 kwa 23 weka nondo nne za milimita 12 na ringi za milimita 8, usikubali ringi za milimita 6 na juu na chini ya nguzo zibane zaidi. Na vikalio vya sentimita 5 chini ya wavu wa nondo wa futingi, usiweke vipande vya tofali.

Mjenzi_Kibaha
Asante mkuu ila nondo zimeshafungwa na mhandisi kazipitia, swali langu ni zege tu. MamaSaiti umenishtua kidogo. Kwahiyo toroli siyo mbaya, ubaya ni hesabu ya fundi?

Salim_Msa
Hapo umeshika. Mimi niko Mombasa huku tunasema wilibaro, nimesimamia kazi miaka na ndoo sizipendi kwenye futingi nitakwambia kwanini. Futingi zako tisa ni mifuko kama 25, kila mfuko ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, piga hesabu ni zaidi ya ndoo 250 zinabebwa kichwani na vijana sita jua likiwaka. Ikifika mfuko wa kumi hakuna anayekumbuka kama hii ni ndoo ya tano au ya sita na ile nusu ya mchanga kila mtu ana nusu yake, wengine wanaleta robo tatu. Wilibaro ni tatu tu kwa mfuko, hata mimi nikiwa mbali nikinywa maji naona. Makosa ya kuhesabu yanakuharibia zege kuliko hizo lita tano za wilibaro.

MamaSaiti
Salim hapo sikupingi, kuhesabu ndo udhaifu mkubwa wa ndoo. Lakini wilibaro nayo udhaifu wake ni mlima wa juu. Asubuhi wanasawazisha, mchana kila mtu anarundika ili apunguze safari, na kokoto zikirundikwa zinasimama kuliko mchanga kwahiyo ratio yenyewe inapinda, siyo kwamba vyote vinaongezeka sawa. Toroli za kuchomelea mtaani nazo hazilingani, unakuta saiti moja ina tatu na kila moja ina tumbo lake.

Mjenzi fanya hivi jioni kabla ya kumwaga. Chukua ndoo ya lita 20 unayoiamini, mimina mchanga kwenye kila toroli ukihesabu, pitisha ubao juu. Ikiingia ndoo tatu na robo hiyo ni lita 65, basi kila toroli ya mchanga ongeza robo ndoo, ndo lita 70 yako, na kokoto ni toroli mbili kisha ongeza nusu ndoo. Ikiingia ndoo nne ujue inabeba 80, hapo usiijaze, piga alama ya rangi ndani usawa wa ndoo tatu na nusu wasipite hapo. Toroli isiyopimwa isiguse kokoto, ibebe zege tu.

Kwa nguzo mimi natumia ndoo, tena ndoo ndogo za lita 10. Nguzo moja ni mfuko mmoja na kidogo, kazi ni ndogo na hakuna cha kukimbilia. Mchanga ndoo ndogo 7, kokoto 14, ile mambo ya nusu ndoo imeisha. Wengine wana boksi la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 40 kwa 35 kimo 25, hilo ni lita 35 kamili, mchanga mara mbili kokoto mara nne. Nalipenda kuliko yote ila mafundi wengi wanaliacha kwenye kona.

Tajiri_wa_Viwanja
Mimi langu ni tofauti kidogo, nilipima kwa ndoo vizuri tu lakini nguzo tulivyovua mbao chini ilikuwa na matundu matundu kokoto zinaonekana. Sasa hapo ratio si ilikuwa sawa?

MamaSaiti
Hiyo siyo ratio. Zege likimwagwa kutoka juu mita tatu na kitu linagonga ringi, kokoto zinatangulia chini na uji unabaki nyuma. Acha dirisha kwenye mbao katikati ya nguzo, mwaga nusu ya kwanza kupitia hapo usindilie, funga ndo uende juu. Na mbao zikivuja kwenye pembe uji wote unatokea pale. Angalia pia saizi ya kokoto, za inchi moja kwenye nguzo ya 23 zinakwama kwenye nondo.

Zainab_QS
Naongeza kitu kimoja hamjakigusa, mchanga wenye unyevu. Huku kwetu mvua zimeanza, mchanga ukiwa na unyevu kidogo chembe zinasukumana na unavimba, unaweza kupima ndoo tatu na nusu kumbe mchanga halisi ni chini ya tatu. Jaribuni, jazeni kopo la kioo na mchanga ulivyo bila kushindilia, tuseme kimo sentimita 20, umwageni pembeni, wekeni maji mpaka nusu, rudisheni mchanga mkikoroga. Ukitulia kwenye 16 ujue umevimba kwa robo, kwahiyo pale pa lita 70 mnatakiwa kupima kama lita 87. Kokoto hazivimbi hivyo. Ukiacha bila kurekebisha zege linakosa mchanga, linakuwa gumu kusindilia, na fundi dawa yake ni kuongeza maji.

Na hayo maji ndo yanaua zege. Kwa mfuko ni lita 25 hivi, mchanga wenye unyevu unakuja na kama lita 5 zake, hapo wewe ongeza 20 kwanza. Pimeni na yenyewe kwa ndoo, msimwachie mtu mpira.

Kokoto_Nusu
Ile 1.54 nimeielewa sasa. Lakini mbona kuna sehemu nimeona nguzo zinawekwa 1:1.5:3?

Zainab_QS
Ndio, na mimi nguzo napenda hiyo. Mfuko mmoja unatoa kama lita 125 za zege badala ya 159 za 1:2:4, kwahiyo nguzo zake tisa zitakula mifuko 14 badala ya 11. Mjenzi, mchoro umeandika nini?

Mjenzi_Kibaha
Mchoro umeandika C25 futingi na nguzo.

MamaSaiti
Kama ni C25, yaani zege la nguvu ya 25 kwa kipimo cha kyubu siku ya 28, basi 1:2:4 ya fundi siitetei tena hata kwenye futingi. Na 1:1.5:3 nayo mimi sisemi itafika 25 kila mara kwa kupima kwa ndoo, inategemea simenti ni 32.5 au 42.5, mchanga una vumbi kiasi gani, na maji.

Salim_Msa
Kwa nyumba ya chini 1:2:4 iliyopimwa kweli haijawahi kuniangusha. Watu wanaongeza simenti halafu wanaongeza maji, faida imekwenda.

Zainab_QS
Salim kama mchoro umesema C25 mwenye kubadilisha ni mhandisi aliyeuchora, siyo sisi. Mjenzi mpigie kesho. Akisema 1:1.5:3 kwa vyote, jumla yako ya kyubiki 5.6 ni mifuko 45, na weka hamsini. Kwa toroli ya lita 65 hapo mfuko mmoja unataka lita 52.5 za mchanga na 105 za kokoto, kwahiyo na yenyewe mnaipiga alama ya rangi ndani usawa wa lita 52.5. Mwagieni pia kyubu za sentimita 15, zivunjwe kupima nguvu siku ya 7 na ya 28.

Halafu umepima mashimo yenyewe? Umesema 1.2 lakini mafundi wakichimba mara nyingi shimo linatoka 1.3, na kama huwekei mbao pembeni zege linajaza lote. 1.3 kwa 1.3 kwa 0.3 ni 0.507, ukizidisha kwa tisa umeongeza kyubiki 0.67, hiyo ni mifuko mingine minne kwa 1:2:4, mitano na zaidi kwa 1:1.5:3.

Mjenzi_Kibaha
Nimetoka kupima sa hivi kwa tochi. Matano ni 1.3, mawili 1.25, mawili ndo yako sawa. Toroli zipo mbili, moja imeingia ndoo tatu na robo na nyingine karibu nne. Mhandisi nampigia asubuhi, simenti sinunui mpaka anijibu.

Salim_Msa
Hiyo ya ndoo nne ibebe zege tu. Ukiziacha zote zipime, vijana watazibadilishana.