Ushauri: Baka jekundu usoni mwa mtoto, litafutika akikua?

Mama Tunu (Busia, upande wa Uganda)
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miezi 5. Amezaliwa na baka jekundu usoni, upande wa kulia. Mama mkwe anasema litafutika akifika miaka 3, jirani anasema halitoki kamwe. Naomba aliyepitia haya aniambie ukweli. Usiku silali.

Haji wa Bombo
Binti yangu, hiyo ni alama ya Mungu. Wazee wetu walisema mama mjamzito akijishika uso mwezi unapopatwa, mtoto hutoka na alama pale pale aliposhika. Mshukuru Mola, umlee. Sisi tulilelewa na makovu na hatukuwa na haya mambo ya kukosa usingizi.

Mama Mapacha
Usiogope dada. Kulwa wangu alikuwa nalo, likavimba likawa kama forosadi, tukapewa propranolol ya maji, alipofika miaka 4 limebaki kivuli tu. Mama mkwe wako yuko sahihi. Subiri.

Nesi Mstaafu
Mama Mapacha, la Kulwa ulilikuta siku ya kujifungua au lilianza baadaye?

Mama Mapacha
Lilianza akiwa na kama wiki 3.

Nesi Mstaafu
Basi hilo ni jingine. Lile linaloanza baada ya wiki kadhaa, likavimba kisha likanywea, ndilo hupona. Lililokuwepo tangu dakika ya kwanza, likiwa bapa na rangi ya divai, ni vishipa vidogo vya damu vilivyotanuka na havirudi. Linakua pamoja na mtoto. Na Haji, kwa heshima zote, mwezi hauhusiki. Mwaka 2013 wataalamu walipata kasoro ya jeni inayotokea mtoto akiwa tumboni. Mama hakuifanya wala hakuirithisha.
Mama Tunu, nijibu mawili: la Tunu lilikuwepo siku ya kwanza? Na liko wapi hasa?

Mama Tunu
Lilikuwepo. Liko usoni, upande wa kulia kama nilivyosema.

Okello wa Mbale
Dada, mimi nina miaka 41 na lipo shavuni hadi mdomo wa juu. Nilipokuwa shule ya msingi lilikuwa waridi, watoto wakiniita Nyanya. Nilipovuka miaka 30 likawa zambarau, ngozi ikawa nene, na sasa kuna vinundu kama punje za mtama. Nikinyoa nikagusa kimoja, damu inatoka mpaka nishike kitambaa dakika 10. Mdomo wa upande ule umekuwa mnene kuliko wa pili na ufizi unavuja damu nikipiga mswaki, ndiyo maana daktari wa meno ananiona kila mara. Nilipigwa leza Nairobi mara 6. Lilififia kiasi, halikuondoka, na mahali pawili paliungua pakabaki peusi kwa miezi, kwa sababu ngozi yetu nyeusi nayo inaunyonya ule mwanga. Walisema ningeanza utotoni ningepata zaidi.

Mama Tunu
Asante kaka Okello. Mimi kuna mzee hapa anayeondoa alama kwa dawa ya kuchoma. Anasema ngozi mpya itaota safi. Wengi wamepona kwake.

Nesi Mstaafu
Mama Tunu, usimpeleke huko. Vishipa viko ndani ya ngozi. Akichoma juu atakuachia kovu, na rangi itabaki chini yake. Hujanijibu: linagusa paji la uso au kope la juu?

Mama Tunu
Mzee huyo ana uzoefu wa miaka mingi, si tapeli. Na sisi wengine hatuna pesa za Nairobi. Ndiyo, linagusa paji. Na kope.

Mchunguzi Huru
Samahanini, mimi nina mashaka. Akaunti imefunguliwa jana. Kila swali anajibu nusu. Mwezi uliopita alikuja mtu na hadithi ya mtoto mwenye tatizo la moyo, mwishowe akaweka namba ya mobaili mani. Ngojeni, namba inakuja.

Kijana wa Malaba
Hata mimi naona. Mzazi gani asiyejua alama ya mwanawe iko wapi?

Mama Tunu
Sijaomba shilingi ya mtu na sitaomba. Najibu nusu kwa sababu yule mzee nimeshampa kianzio, 150,000, na baba Tunu hajui. Jumamosi ndiyo siku tuliyopanga.
Mnataka nusu iliyobaki, nawapa. Asubuhi nikifungua mlango, mwanga ukiingia, Tunu anaficha uso begani kwangu, anabana macho mpaka nifunge. Jicho la kulia linatoa machozi siku nzima, kola ya nguo yake haikauki. Na lile jeusi la jicho la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Watu wanasema ana macho mazuri. Nimekuwa nikimdondoshea maziwa yangu nikidhani ni baridi. Sikutaka kulisema kwa sababu nililiogopa kuliko baka.

Nesi Mstaafu
Mama Tunu, hii si hadithi ya kutungwa, na swali sasa si baka tena. Baka likiwa paji la uso na kope la juu, vishipa hivyo hivyo vinaweza kuwa ndani ya jicho na juu ya ubongo upande ule ule. Maji ya jicho yakikosa njia ya kutoka, presha inapanda. Jicho la mtoto bado laini, linatanuka, ndiyo maana linaonekana kubwa na zuri. Machozi bila tongotongo na kukimbia mwanga ni dalili zake. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa mtoto mchanga ina upana wa kama milimita 10. Ikizidi 12 kabla ya mwaka mmoja tunashtuka. Uoni unaopotea kwa presha haurudi. Mpeleke kwa daktari wa macho ya watoto kesho, usingoje Jumamosi.

Haji wa Bombo
Mama, nenda. Nisamehe kwa ya mwezi.

Mchunguzi Huru
Nami nimekosea. Pole dada.

Mama Tunu (siku 9 baadaye)
Tulikwenda Kampala. Wakamlaza kwa dawa ya usingizi ndipo wakapima. Presha ya kulia 29, kushoto 13. Konea 12.5 na 11. Tumepewa matone na wiki ijayo anafanyiwa upasuaji wa kufungua njia ya maji. Daktari amesema hata ukifaulu tutarudi kila baada ya miezi michache, kisha kila mwaka maisha yake yote, kwa maana presha inaweza kupanda tena hata akiwa msichana mkubwa. Baba Tunu ameshajua. Pesa ya mzee haikurudi.

Okello wa Mbale
Mimi sikuwahi kuambiwa nipimwe macho.

Nesi Mstaafu
Lako liko chini, Okello, hatari ni ndogo, lakini pima mara moja ujue. Mama Tunu, walizungumzia ubongo?

Mama Tunu
Walisema skani ya MRI baadaye, kwa sababu kwa mtoto mdogo inaweza kuonekana safi na isiwe safi. Jana usiku mkono wake wa kushoto ulitikisika akiwa amelala, kama sekunde 20. Nikaushika, ukaendelea. Watoto wote hutikisika usingizini, sivyo?

Nesi Mstaafu
Mtikisiko wa kawaida ukiushika hutulia. Na wa kushoto ndio upande unaotawaliwa na ubongo wa kulia. Wapigie simu sasa hivi. Ukirudia, mrekodi kwa simu, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ukifika dakika 5, au ukirudi tena na tena, mkimbize hospitali iliyo karibu.

Mama Tunu
Nawapigia.