Naomba ushauri: INR 5.8 baada ya metronidazoli

Wakuu, mgonjwa wa Mbale ana vali bandia ya chuma ya mitrali. Lengo lake ni INR 2.5 hadi 3.5: chini ya hapo damu huweza kuganda kwenye vali, juu yake hatari ya kuvuja damu huongezeka. Kwa warfarini miligramu 5 kila siku alikuwa 3.0. Akaharisha, akapewa metronidazoli. Siku ya sita INR ni 5.8, ingawa havuji damu popote. Dawa hiyo huzuia ini kuvunja warfarini, na kwa kuwa hali mboga za majani kama dodo na nakati, vitamini K nayo imepungua. Tumeruka dozi moja, kesho tunapima tena. Metronidazoli ikiisha na akirudia mboga, mnarudisha miligramu 5 papo hapo au mnapandisha polepole?